Tivii ya sebule ndogo, Kigoma

"Kochi liko mita 2 toka ukutani. Duka moja Mwanga wana inchi 32 wanasema ni 4K, nichukue?"

Habari mkuu. Usiamini boksi, angalia stika au karatasi ya sifa utafute risolusheni, ukikuta 1366 x 768 hiyo ni HD ya kawaida, 4K yenyewe ni 3840 x 2160. Inchi 32 nyingi zikiandikwa 4K maana yake inapokea video ya 4K halafu inaipunguza, kioo ni kilekile. Kwa mita 2 mi ningeenda inchi 43, upana wake kama sentimita 95, Hisense au TCL zinatosha kabisa. Upande wa smati, washa hotspoti ya simu hapohapo dukani ufungue YouTube, ikigandaganda achana nayo, halafu simama pembeni uone kama rangi zinapauka.