Fyonza kwanza, ndipo upige mswaki: kusafisha kinywa cha mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia

Mwanafunzi mwenzangu wa uuguzi, siku utakapopewa kazi ya kumsafisha kinywa mgonjwa asiye na fahamu, utaambiwa ni kazi nyepesi. Mimi nilivyoambiwa hivyo nilichukua mswaki, nikauchovya kwenye kikombe cha maji mpaka ukawa unachuruzika, nikaanza kusugua. Haikupita dakika moja mgonjwa akakohoa kwa nguvu, mashine ikapiga kengele, na kiwango cha oksijeni kikashuka kutoka 97 hadi 89. Muuguzi aliyekuwa ananisimamia alinisogeza pembeni, akaingiza mrija wa kufyonza nyuma ya ulimi na kutoa mate mazito yaliyochanganyika na maji yangu.

Kosa langu halikuwa maji peke yake. Sikujua mate ya mgonjwa huyu yanakaa wapi. Mtu mwenye fahamu humeza mate bila kufikiri. Huyu hamezi, na mdomo wake uko wazi kwa sababu ya mrija wa mashine ya kupumulia uliopita humo, kwa hiyo sehemu ya mbele hukauka huku nyuma ya koo mate yakituama. Mrija una puto linalojazwa hewa ndani ya njia ya hewa, na wengi hudhani puto hilo linaziba kabisa. Haliko hivyo. Hujikunja kidogo, na majimaji yaliyolala juu yake hupenya kidogo kidogo kuelekea mapafuni. Wakati huo utando wa meno unazidi kujaa bakteria. Ukisugua kabla ya kufyonza, unaubandua utando huo na kuudondosha ndani ya dimbwi lile lile linalovujia chini. Nimonia ya wagonjwa wa mashine mara nyingi huanzia hapo.

Ndiyo maana kabla hujagusa mdomo hakikisha haya:

- Kichwa cha kitanda kimeinuliwa nyuzi 30 hadi 45, kama daktari hajakataza, kwa mfano kwa jeraha la uti wa mgongo.
- Shinikizo la puto limepimwa na liko kati ya 20 na 30 cmH₂O. Puto halipunguzwi hewa wakati wa kusafisha, hata kidogo.
- Umesoma namba ya sentimita iliyoandikwa kwenye mrija, pale unapopita mdomoni au kwenye meno, inayoonyesha umeingia kiasi gani, na kuiandika.
- Mashine ya kufyonza imewashwa na umeijaribu.
- Glavu, barakoa, aproni na kinga ya macho umevaa.
- Umemweleza mgonjwa unachotaka kufanya, kwa jina lake. Huenda anasikia.

Sasa fyonza nyuma ya ulimi na pande zote mbili za mashavu. Tumia mswaki mdogo wenye nywele laini, uliolowa tu, usiochuruzika. Uinamishe kwenye ukingo wa fizi na usugue kwa miduara midogo, nje na ndani ya meno, kisha ulimi kutoka nyuma kuja mbele. Simama ufyonze kila unapoona povu limejikusanya. Sponji ya kijiti inalowanisha vizuri, lakini haitoi utando kwenye meno, kwa hiyo isichukue nafasi ya mswaki isipokuwa mgonjwa anatokwa damu kirahisi na mswaki umekatazwa. Mswaki mara mbili kwa siku hutosha kwa wengi, ila kulowanisha kinywa na kupaka midomo mafuta ya kulainisha hurudiwa kila saa 2 hadi 4. Vijiti vya limau na gliserini viepuke, vinakausha zaidi. Klorheksidini, dawa ya kuua bakteria kinywani, nayo haitumiki tena kama desturi katika miongozo mingi mipya, hivyo usiitie kwa mazoea. Fuata utaratibu wa wodi yako.

Mrija uwe na mtu wa pili wa kuushika unapouhamishia upande mwingine wa mdomo. Mkiuhamisha, angalieni midomo na ulimi pale ulipokuwa umelala, maana vidonda hujificha huko. Halafu soma namba tena. Ikiwa ilikuwa 22 na sasa ni 25, na kifua kinainuka upande wa kulia tu, mrija umezama kwenye pafu moja. Usiusukume wala kuuvuta mwenyewe, mwite msimamizi mara moja. Ikiwa namba imepungua, nayo ni dharura.

Kwa asiye na fahamu na asiye na mrija, mlaze ubavu, uso ukielekea chini kidogo, ili majimaji yatoke nje, na usitie kidole kati ya meno yake: anaweza kuuma ghafla.

Mwisho andika ulichokiona: rangi ya mate, damu, utando mweupe usiofutika au unaoacha wekundu ukifutwa, jino linalolegea, na namba ya mrija mara mbili, ya kabla na ya baada.