Kalcha Ilisema Hana Taifodi, Utumbo Ukatoboka

Msomaji mmoja wa Kahama ameniandikia: "Dada, mwaka huu ni mara ya tatu naambiwa nina taifodi. Widali imesoma 1:160. Sipro imeshindwa, nitumie sindano gani?" Ujumbe wa aina hii naupata sana, na kila nikiusoma naanza kukasirika kabla sijafika mwisho. Si yeye anayenikasirisha. Ni karatasi aliyopewa.

Kaka, sindano sikutajii. Widali haitafuti mdudu wa taifodi. Inatafuta askari ambao mwili uliwatengeneza dhidi yake, na askari hao hubaki kwenye damu miezi mingi baada ya ugonjwa kwisha. Wanaweza pia kuamshwa na salmonela nyingine, ndugu za mdudu wa taifodi, au hata malaria. Ile 1:160 ni kiasi ambacho damu ilipunguzwa makali na bado askari wakaonekana. Katika maeneo yetu, ambako wengi wamewahi kukutana na mdudu huyu, mtu mzima mwenye afya anaweza kusoma 1:80 au zaidi. Kwa hiyo mara tatu zako zinaweza kuwa homa tatu tofauti zilizopewa jina moja, na huenda hiyo sipro, yaani antibaiotiki ya siprofloksasini, "imeshindwa" na ugonjwa ambao si wake. Mimi nafanya kazi maabara, Widali nimezisoma mpaka nimechoka, na bado naona watu wanaandikiwa dawa kwa kipimo kimoja cha dakika chache.

Nina sababu ya kuongea hivi. Mdogo wangu ni fundi ujenzi, Mwanza. Alianza na homa iliyokuwa ikipanda kila jioni, kichwa kikimgonga, choo kimefunga. (Watu husubiri kuhara ndipo waseme taifodi. Kwa mtu mzima, wiki ya kwanza choo kufunga ni jambo la kawaida.) Malaria hakuwa nayo. Zahanati moja ikampima Widali, ikampa siprofloksasini ya siku tatu. Homa ikapungua kidogo, ikarudi. Akaenda hospitali, wakamtoa damu kwa ajili ya kalcha, yaani kuotesha vimelea. Baada ya siku kadhaa jibu likaja: hakuna kilichoota. Akaambiwa damu ni safi, taifodi hana, arudi nyumbani apumzike.

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Kalcha ndiyo kipimo bora tulicho nacho kwa kawaida, lakini hata ikifanywa vizuri huwakamata wagonjwa kama 60 kati ya 100. Sababu yenyewe ni rahisi. Mdudu wa taifodi haogelei kwa wingi kwenye damu. Mara nyingi mililita moja ina mdudu mmoja, au hata huyo mmoja hayumo. Mtu mzima anatakiwa kutolewa mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, tena kabla hajameza antibaiotiki. Mdogo wangu alitolewa damu kidogo, huku sipro ikiwa bado inazunguka mwilini. Dawa ile haikutosha kumponya, ila ilitosha kuwazuia wadudu wasiote kwenye chupa. "Hakuna kilichoota" ilikuwa habari ya chupa, haikuwa habari ya mgonjwa.

Na wakati chupa inasema hivyo, kazi ilikuwa ikiendelea tumboni. Mdudu huingia kwa maji au chakula, akapenya ukuta wa utumbo mwembamba kupitia mabaka ya tezi za kinga yaliyo mwishoni mwa utumbo huo, jirani na kidole tumbo. Anapita pale karibu kimyakimya. Anaenda kujificha na kuzaana kwenye ini, bandama na uboho wa mifupa. Ndiyo maana kuotesha uboho hukamata wagonjwa wengi zaidi kuliko damu, ingawa ni nani atakubali kutobolewa mfupa kwa homa? Kisha anaingia kwenye nyongo na kumwagwa tena utumboni. Safari hii mabaka yaleyale yanamtambua. Yanavimba, sehemu zake zinakufa, zinabanduka na kuacha vidonda. Kidonda kikila mshipa, mgonjwa anavuja damu kwa ndani. Kikila ukuta wote, utumbo unatoboka. Hayo hutokea zaidi wiki ya tatu, wakati ndugu wameshazoea homa na wengine wameshaacha kuuliza.

Mdogo wangu alitoboka usiku. Maumivu yalianza ghafla chini kulia, yakasambaa tumbo zima, tumbo likakaza kama ubao, gesi haipiti. Joto likashuka, na shemeji yangu akadhani ni nafuu. Mapigo ya moyo yalikuwa yakikimbia. Eksirei aliyopigwa akiwa amekaa ilionyesha hewa chini ya kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, mahali ambapo hewa haina kazi. Walimfungua, wakakuta tundu moja mwishoni mwa utumbo mwembamba, wakasafisha tumbo na kushona. Nilifika asubuhi kwa basi kutoka Dodoma nikamkuta na mipira puani. Wengi hawafiki mezani kwa daktari wa upasuaji. Katika mlipuko wa Kasese, Uganda, wa 2008 hadi 2009, matumbo mengi yaliyotoboka ndiyo yaliyowafumbua watu macho kwamba ile ilikuwa taifodi.

Choo chake kilichochukuliwa wodini ndicho kilichoota Salmonela Taifi, mdudu wa taifodi mwenyewe. Msikimbilie kusema basi tupime choo. Choo hukamata pengine theluthi moja ya wagonjwa, na zaidi baada ya wiki ya kwanza, yaani mdudu anapokuwa ameshamwagwa kutoka kwenye nyongo. Tena kuna watu wazima wa afya wanaotoa mdudu huyu chooni mwaka mzima kwa sababu amehamia kwenye kifuko chao cha nyongo. Akiugua malaria mtu wa namna hiyo, choo chake kitasema taifodi.

Faida kubwa ya kuotesha ni ile karatasi ya pili, inayoonyesha dawa zipi zinamweza mdudu. Ya mdogo wangu ilionyesha usugu kwa ampisilini, kloramfenikoli na septrini, zote tatu. Kloramfenikoli ilipoanza kutumika 1948 ilikuwa mkombozi. Kwenye siprofloksasini aliandikiwa "wastani", maana yake mdudu hakuwa sugu kabisa ila alishajifunza kuivumilia, na siku tatu zilikuwa kama kumfanyisha mazoezi. Alipona kwa seftriaksoni ya sindano. Huko Sindh, Pakistani, tangu 2016 kuna taifodi isiyosikia hata seftriaksoni. Wamebaki na azithromaisini ya vidonge na sindano ghali za akina meropenemu. Sisi azithromaisini tunaiuza dukani kwa mafua.

Basi nisikilizeni, maana nikiacha kusema hapa nitasema msibani. Homa ikipita siku tatu na malaria haipo, omba kalcha kabla ya kidonge cha kwanza, na usimzuie mtoa damu akijaza chupa. Kama umeshameza dawa, mwambie daktari jina lake na siku ulizomeza, ili ajue jibu la "hakuna" lina uzito gani. Kalcha kabla ya dawa, nasema tena. Ukishaanza dawa sahihi, homa huchukua siku nne hadi sita kushuka, kwa hiyo usibadilishe dawa siku ya pili. Ila tumbo likiuma ghafla, au joto likianguka huku moyo unakimbia, usisubiri asubuhi. Nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji, na usile wala kunywa njiani.