Figo "kujaa maji" au "uvimbe", tusemeje?

"Shikamoo mwalimu. Baba kapigwa ultrasaundi, ripoti inasema haidronefrosisi pande zote mbili. Daktari katwambia figo zimejaa maji, dada yeye anasema ni uvimbe na tumpunguzie baba maji ya kunywa. Kiswahili chake hasa ni kipi?" (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

Marahaba. "Figo kujaa maji" ndo watu wanavyosema na mi siipingi, ila maji yenyewe ni mkojo, sio yale aliyokunywa yakaenda kutuama huko. Figo ikishachuja, mkojo unakusanyika kwenye vijumba vidogo katikati yake, unashuka kwa mrija hadi kibofuni, sasa kukiwa na kizuizi huko chini unarudi nyuma na vile vijumba vinatanuka, kwenye picha vinaonekana vyeusi katikati ya figo. Kwa hiyo kumpunguzia maji hakuzibui kitu, msimkatie baba maji kwa sababu ya neno, mpaka daktari aseme.

"Uvimbe" ndo silitaki kabisa hapa, maana mtu akilisikia anawaza nyama imeota, kansa. Mi ningesema njia za mkojo ndani ya figo zimetanuka.

Lakini maneno ya kuyashika kwenye hiyo ripoti ni "pande zote mbili". Ingekuwa figo moja ningewaza kwanza jiwe lililokwama kwenye mrija, maumivu yanayokuja kwa vipindi toka ubavuni mpaka kinenani, na jiwe la katikati ya mrija ultrasaundi mara nyingi hailioni, ndo maana wengine wanapelekwa siti skani. Mjamzito naye figo hutanuka, hasa ya kulia, mara nyingi inaisha yenyewe akijifungua. Zikiwa mbili kwa mwanaume mtu mzima, kizuizi mara nyingi kiko chini, kibofuni au kwenye tezi dume iliyokua. Muulizeni baba: anaamka usiku mara kwa mara? mkojo unatoka kwa kukatikakatika? Halafu tazameni kama ripoti imeandika mkojo uliobaki baada ya kukojoa, ukiwa mwingi, kama mililita 300 hivi, basi kibofu hakijimwagi, hapo anaweza kuwekewa mpira wa kutoa mkojo na figo zikaanza kupumua, na damu inapimwa kreatinini kuona kama zimeshaumia. (Kibofu kilichojaa tu nacho kinaweza kuzitanua kidogo, ndo maana wanarudia picha mtu akishakojoa.)

Na sisi wa pwani tusisahau kichocho. Aliyekulia kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga, mayai ya wale minyoo yanaacha makovu kibofuni na mwisho wa mirija, na njia inakuja kubana miaka mingi baadae, hata kama damu kwenye mkojo ilikoma utotoni. Mwambieni daktari kama baba aliwahi kuugua.

Akipata homa na kutetemeka, au mkojo ukakata kabisa, msingoje kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo.