Usilipe marashi siku ile ile uliyoyanusa

"Nina miaka 16, niko Katuba, Lubumbashi. Miaka yote natumia deo ya kupuliza, sasa nimekusanya dola 60 nataka marashi ya kikubwa. Leo nimenusa mamoja mjini kwenye kile kikaratasi, nikayapenda palepale, kesho naenda kulipa. Kati ya EDT na EDP nichukue ipi? "

Mdogo wangu, kesho ukienda mjini zile dola 60 ziache nyumbani. Hilo neno lako "palepale" limenichoma. Mimi nililipa dola 65 palepale nikiwa na miaka 17, falanga za likizo nzima ya kumsaidia mjomba kuuza saruji kule komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, na yale marashi sikuyavaa hata mwezi.

Ilikuwa mwisho wa mwezi wa tisa, lile joto la kabla ya mvua limeshaanza. Muuzaji akatoa chupa kwenye kabati la vioo, akapuliza kikaratasi mara moja, akakipepea mbele ya pua yangu. Nikasikia balungi, limau, na kitu kama iliki. Harufu ya baridi, safi, ya mtu aliyetoka kuoga sasa hivi. Nikamuuliza yanakaa muda gani. Akasema: "Hivi hivi mpaka jioni." Nikalipa. Tangu kunusa mpaka kulipa hazikufika dakika tano.

Kosa lote liko hapo. Chupa moja ya marashi haina harufu moja, ina harufu zinazopokezana zamu. Zile za limau, chungwa, balungi na bergamoti ni nyepesi sana, ndizo zinazoruka kwanza, na kwenye ngozi yenye joto robo saa inatosha kuzimaliza. Kisha inapanda ya katikati, mara nyingi maua, lavanda au viungo, ambayo inaweza kukaa saa mbili tatu. Chini kabisa ziko zile nzito: vanila, ambari, msandali, patchuli, miski. Hizo ndizo utakazotembea nazo mchana mzima, na ndizo watu wa nyumbani watakazozikuta kwenye shati lako kesho yake. Kikaratasi nacho hakina joto la mwili, hakina jasho, hakina mafuta ya ngozi, kwa hiyo limau linakawia juu yake kuliko litakavyokawia mkononi mwako. Mimi nilinunua dakika tano za mwanzo, nikarudi nyumbani na saa nane ambazo sikuwahi kuzinusa.

Saa nane hizo zilikuwa vanila na sukari iliyoungua. Ni harufu nzuri kwa mtu anayeitaka, tena mwezi wa sita au wa saba, asubuhi zetu zile za makoti, ingekaa vizuri. Lakini joto linaharakisha kila kitu. Mwezi wa kumi limau lilikuwa limekwisha kabla sijafika barabarani, na ile vanila ikapanda yote kwa pamoja.

Halafu nikaipuliza kama deo. Hili nalo usilirudie. Ndani ya mkebe wa deo sehemu kubwa ni gesi ya kusukuma na pombe, harufu yenyewe ni asilimia chache tu. Ndiyo maana sote tumezoea kubonyeza mpaka shati linakuwa baridi, na saa nne za asubuhi hakuna kilichobaki. Chupa yangu ilikuwa EDP, yaani eau de parfum, ambayo kwa kawaida harufu yake ni kama asilimia 15 hadi 20. Mkono ulikuwa na mazoea yake: nikabonyeza shingo mara mbili, kifua mara mbili, shati mara nne. Mara nane. Kwenye teksibasi mama mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka, akafungua dirisha, akauliza: "Mtoto, ni nani amekumwagia?" Darasani jirani yangu alilala juu ya dawati akishika kichwa, na mwalimu akaniomba nihamie karibu na mlango.

Mimi mwenyewe sikuwa nasikia kitu. Ukikaa ndani ya harufu moja isiyobadilika, pua inaizoea kwa dakika chache na kuacha kukuarifu. Sikulijua hilo, nikadhani marashi yamekwisha, nikaongeza mara mbili wakati wa mapumziko.

Yule muuzaji bado nina hasira naye. Kwamba chupa iliyofunguliwa hairudishwi, naelewa. Lakini anauza vitu hivi kila siku, anajua kabisa kwamba limau halifiki jioni, na aliona mbele yake mtoto mwenye noti zilizokunjwa vidogo vidogo. Angesema tu "vaa leo, urudi kesho", asingepoteza chochote, ningerudi. Na wale wa video kwenye simu wanaokuambia "ukinukia hivi wasichana watageuka", kisha wanapuliza mara kumi mbele ya kamera! Video haina harufu. Wako kwenye vyumba vyenye hewa ya mashine, wewe uko kwenye teksibasi ya watu waliobanana mwezi wa kumi. Chupa yangu ilibaki kwa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, naye akawa anapulizia mapazia.

Sasa nakuambia nilivyofanya mara ya pili, baada ya mwaka mzima wa kurudi kwenye deo kwa hofu.

Asubuhi nilioga kwa sabuni ya kawaida isiyonukia sana, sikujipaka deo wala losheni yenye harufu. Nilikwenda dukani bila falanga ya chupa, nikasema wazi: "Leo najaribu, sinunui." Maduka mawili yalinikatalia. La tatu lilikuwa na chupa ya kujaribia. Niliomba marashi mawili tu, moja mkono wa kushoto, jingine wa kulia, kila moja mbonyezo mmoja upande wa ndani wa kigasha. Yakizidi mawili pua inachanganya, hutajua lipi ni lipi. Sikusugua mikono, sikukaa dukani kusikiliza sifa. Nilitoka nikaenda kwenye shughuli zangu juani, nikiwa na kalamu na karatasi mfukoni.

Baada ya dakika tano: kushoto limau na lavanda, ya kawaida tu, kulia chungwa tamu na pilipili manga, nzuri kupita kiasi. Kama ningekuwa na falanga ningelipia ya kulia, nakuambia ukweli. Baada ya nusu saa: kushoto lavanda na majani mabichi, kama kinyozi msafi, kulia chungwa limekwisha, sukari inaanza. Baada ya saa mbili, nikiwa kwenye teksibasi, mkono wa kulia ulinikumbusha yale mapazia, kichwa kikaanza kuniuma, nikauweka nje ya dirisha. Wa kushoto ulikuwa umetulia, mti mkavu kidogo na utamu mdogo kama wa nyasi zilizokaushwa. Jioni, baada ya saa nane, nilimpa yaya mikono yote miwili anuse bila kumwambia chochote, kwa sababu pua yangu ilikuwa imeshazoea. Alishika wa kushoto akauliza: "Huu ni wewe au ni sabuni?" Wa kulia aliusukuma.

Ile ya kushoto ni ya ukoo ambao wataalamu wanauita fujeri: lavanda juu, chini kumarini, ile inayoleta harufu ya nyasi kavu, pamoja na kuvumwani inayoota kwenye magome ya miti. Jina limetokana na Fougère Royale, marashi ya nyumba ya Houbigant ya mwaka 1882. Krimu nyingi za kunyolea zimefuata harufu hiyo, ndiyo maana inatuletea kinyozi akilini. Ukoo huo una chupa za bei kubwa na za bei ndogo. Sikuambii ununue hiyo, ngozi yako si yangu. Nakuambia tu kwamba kwenye kikaratasi ningeiacha.

Hata hivyo siku ya pili sikununua chupa. Niliomba mililita 5, ambazo duka lile lilikuwa likivuta kwa sindano kutoka chupa kubwa mbele ya macho yangu, kwa dola 6. Kama wanakwenda kukujazia nyuma ya pazia, kataa, maana huko ndiko pombe inakoweza kuongezwa. Mbonyezo mmoja ni kama sehemu moja ya kumi ya mililita, kwa hiyo mililita 5 ni mibonyezo karibu 50. Nilivaa mbonyezo mmoja kifuani chini ya shati na mmoja nyuma ya shingo, siku za jua na siku za mvua, kwa wiki tatu. Jirani yangu wa darasani hakuumwa kichwa hata mara moja. Ndipo nikalipia chupa ya mililita 50. Piga hesabu mwenyewe: kwa mibonyezo miwili kwa siku chupa hiyo inakupeleka siku 250. Kwa mikono yangu ya zamani, mibonyezo kumi, ingekwisha siku ya 50, na teksibasi nzima ingenijua kwa pua.

Kuhusu hizo herufi EDT na EDP, zinakuambia zaidi kiasi cha harufu kilichomo, hazikuambii kama jioni utakuwa unanukia vanila au msandali. EDT, yaani eau de toilette, kwa kawaida ina kiasi kidogo, na kwa mtu anayetoka kwenye deo inasamehe zaidi ukikosea mbonyezo mmoja. Lakini nimekutana na EDT tamu iliyonishinda, na EDP kavu ninayoivaa hata mwezi wa kumi. Mkono wako utakuambia kabla ya herufi.

Kwa hiyo kesho nenda, dola ziache kwa mama. Omba hayo hayo uliyoyapenda, mbonyezo mmoja mkononi, na ongeza mengine mamoja mkono wa pili hata kama huyapendi. Muuzaji akikuambia "bei hii ni ya leo tu", toka. Tembea mpaka Katuba kama una nguvu, utoke jasho kabisa. Jioni mpe mtu wa nyumbani anuse bila kumwambia bei, kisha uje hapa uniandikie amesema nini kwa kila mkono.