Faili ya mafuriko ikiwa safi mno, ikague mara mbili

Mto Sabaki ulipofurika, mimi mkaguzi wa ndani hapa Malindi nililetewa faili mbili za unga wa dharura. Ya kwanza ilipendeza: ombi, bei za maduka matatu, hati ya agizo, mihuri kila ukurasa. Ombi lilikuwa la Jumatatu asubuhi, na maji yaliingia majumbani Jumanne usiku. Nikafungua kitabu cha maagizo: hati iliyotangulia ile kwa namba ilikuwa na tarehe ya wiki moja baadaye. Barua za maduka matatu zote ziliandika "Maldini". Halafu hati ya kupokea mali ilisema mabunda 400 yalifika kwa kanta moja, safari moja. Bunda ni paketi 12 za kilo mbili, basi hapo ni kilo 9,600. Kanta ile hubeba tani nne hivi.

Karani akaniambia, "Mkaguzi, si nyinyi ndio mnaotaka karatasi?" Huenda unga mwingine ulifika kweli. Lakini kwa karatasi zilizopikwa baadaye, sikuweza kujua ni kiasi gani.

Faili ya pili ilianza na ukurasa wa daftari la shule, umelowa pembeni. Afisa aliandika Jumatano saa nane usiku: kaya 160, bunda moja kila kaya, maduka matatu yamepigiwa simu, bei ni hizi, tumechukua la bei ya kati kwa sababu la bei nafuu halina gari mpaka mchana. Kambini mzee wa kijiji alihesabu mwenyewe, akatia sahihi kwa mabunda 158, mawili yamelowa. Yakalipwa 158. Idhini ya mkubwa ilikuja Ijumaa, ikiwa na tarehe ya Ijumaa. Nikaipitisha.

Basi, ndugu afisa wa ununuzi, usirudishe tarehe nyuma. Huna haja. Kifungu cha 69 cha sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 hukataza idhini ya kurudi nyuma, ila kwa hitaji la dharura. Andika saa uliyoamua, uliompigia, na kwa nini hukungoja. Picha ya skrini ya simu yenye saa yake hunitosha kuliko barua tatu zenye mihuri.

Kinachonitatiza zaidi ni lori la unga la wiki ya tano, bado linanunuliwa kwa duka lile lile la siku ya kwanza bila ushindani. Kifungu cha 103 huruhusu ununuzi wa moja kwa moja kwa haja ya haraka, mradi haikuweza kutabiriwa wala haikuletwa na uzembe wetu. Siku ya kwanza nakukubalia. Wiki ya tano kambi ina orodha ya majina, na ulikuwa na nafasi ya kuitisha bei upya. Mahema nayo? Masika huja kila mwaka, na Sabaki tunaijua. Bei za mahema na usafiri zishindanishwe Februari, mkataba ukae tayari, mto ukija upige simu tu.

Na hiyo kanta, tafadhali, iandikwe namba yake na ipimwe kwenye mizani.