Maswali ya wagonjwa wa moyo: mizani kabla ya chai

Mama katoka hospitali juzi, moyo wake hausukumi damu vizuri. Tumeambiwa tumpime kilo kila siku. Miguu si tunaiona? Mizani ya nini? (Binti, Faza)

Kwa sababu miguu huchelewa, dada. Moyo ukilegea, figo huzuia chumvi na maji, na lita moja ya maji ni kilo moja. Maji yanaweza kuzidi lita mbili hivi kabla vifundo havijavimba.

Mpime akiamka, akishakwenda haja ndogo, kabla ya chai, akiwa na kanga nyepesi. Mizani iwe ile ile na ikae sakafuni pagumu, si juu ya mkeka. Andika.

Tuseme alitoka na kilo 58. Jumamosi 58.3, hapo hapana neno. Jumapili 59.1, mwangalie. Jumatatu 60.4: zimeongezeka zaidi ya kilo 2 kwa siku mbili, na huko si kunenepa kwa wali. Mpelekeni siku hiyo hiyo na daftari lenu, hata kama anasema yu mzima. Kipimo cha kawaida ni kilo 2 ndani ya siku tatu, ila daktari wake akiwapa kingine, shikeni hicho.

Nikilala chali pumzi hukata, nikikaa napata afueni. Ni pumu? (Mzee, Langoni)

Huenda, lakini kwa mwenye moyo dhaifu mimi huuliza kwanza: mzee wangu, walalia mito mingapi? Ukilala, maji ya miguuni hurudi kifuani. Aliyekuwa akitosheka na mto mmoja akataka mitatu, au anayeshtuka usiku akakimbilia dirishani kutafuta hewa, amwone daktari kesho yake asubuhi. Bonyeza pia muundi wako kwa kidole, uhesabu mpaka kumi. Shimo likibaki, maji yapo.

Basi ni wakati gani nisingoje boti ya asubuhi? (Kijana anayeuguza babake, Pate)

Akitweta naye amekaa tu, asiweze kumaliza sentensi. Akikohoa povu lenye rangi ya waridi, akizimia, akibanwa na kifua, au akianza kuchanganyikiwa. Mkalisheni wima, miguu ining'inie, mtafute boti usiku huo huo. Msimlaze chali botini. Nahodha wa kuamshwa mjueni mapema, maana usiku wa manane kila simu huwa imezimwa.

Kilo zikipanda, nimeze vidonge viwili vya dawa ya kutoa maji mwilini badala ya kimoja? (Mama, Mkomani)

Usizidishe ila kwa maagizo uliyopewa na daktari wako. Ukizidisha, potasiamu hushuka na mapigo ya moyo huharibika. Kwanza kumbuka ulikula nini: ng'onda na papa mkavu wana chumvi nyingi. Na kama ulinunua diklofenak au brufeni ya magoti, iache umwambie daktari, kwani hizo huzuia maji mwilini na kuipunguzia nguvu hiyo dawa ya maji.