Umechelewa dakika 4, umekatwa robo saa

"Kaka, mke wangu yuko Leicester, Uingereza, na mimi nakuja kuungana naye. Nimeahidiwa kazi ya ghala kupitia ejensi, ila jamaa ananiambia huko ukichelewa hata dakika moja unakatwa robo saa. Ni kweli? Na wana haki ya kufanya hivyo? Huku Mombasa bosi wangu alinikata siku nzima kwa kuchelewa saa moja, nikanyamaza."

Mdogo wangu, ni kweli. Kanuni hiyo nimeikuta zaidi ya sehemu moja, na mara nyingi hakuna hata mtu anayekukata. Mashine ya kugonga kadi ndiyo imepangwa kuruka robo saa kwa robo saa. Kama wana haki, jibu ni kwamba sehemu ya makato hayo ni halali na sehemu kubwa kwa kawaida si halali, na unapaswa kujua mpaka uko wapi kabla hujaanza zamu ya kwanza.

Igawe hiyo robo saa. Zamu inaanza saa 12 asubuhi, wewe umegonga kadi saa 12 na dakika 4. Dakika 4 hizo hukufanya kazi, na mwajiri anayekulipa kwa saa hana deni nazo. Kwa hilo usigombane na mtu, hata kama basi ndilo lililokuchelewesha. Lakini zinabaki dakika 11 mpaka robo saa itimie. Katika dakika hizo umeshavaa kizibao cha kung'aa, umeshashika skana na unapakua makasha kama wenzako. Ukikatwa hizo, umewafanyia kazi bure. Na hata wakikuambia uketi kantini hapohapo ukiwa tayari kuitwa, kwa hesabu ya kima cha chini huo ni muda wa kazi. Ugomvi wote uko kwenye dakika hizo 11.

Kuna mambo mawili ya kutazama hapo, na la kwanza ni kima cha chini cha mshahara. Kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa mtu wa miaka 21 na zaidi, na hubadilika kila Aprili, kwa hiyo ukifika angalia cha mwaka huo. Sheria haitazami saa moja moja. Inachukua kipindi chote cha malipo, wiki au mwezi, inagawa pesa ulizopata kwa muda uliofanya kazi kweli, na jibu lisishuke chini ya kima hicho.

Nikupe hesabu ya dada mmoja wa Bujumbura niliyefanya naye kazi. Mimi ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale, kwa hiyo watu huniletea peslipu zao. Alikuwa wa ejensi, analipwa kila wiki, pauni 12.21 kamili, zamu zake zikijumlisha saa 37 na nusu. Wiki hiyo alichelewa mara tatu: dakika 4, dakika 2, dakika 7. Jumla dakika 13. Mashine ikamkata robo saa mara tatu, yaani dakika 45.

Kwa dakika 13 alistahili kupoteza pauni 2.65. Alipoteza pauni 9.16. Tofauti ni pauni 6.51, na najua utasema hiyo si pesa ya kuandikia barua. Lakini tazama kilichotokea kwa mshahara wake: alilipwa saa 36 na dakika 45, pauni 448.72, wakati alifanya kazi saa 37 na dakika 17. Gawanya, unapata pauni 12.04 kwa saa. Amelipwa chini ya kima cha chini, na hilo haliwezi kuhalalishwa kwa kusema "uliweka saini". Mfanyakazi hana uwezo wa kukubali kulipwa chini ya kima hicho, hata akitaka.

Meneja mjanja atakuambia: hatukupunguza saa zako, tumekutoza faini ya utovu wa nidhamu. Ujue kwamba sheria ya kima cha chini ina upenyo mdogo wa aina hiyo, kwa makato ya kosa la mfanyakazi ambalo mkataba wenyewe unasema atawajibika kulilipia. Ndiyo maana peslipu ni muhimu. Tangu Aprili 2019, mtu yeyote ambaye malipo yake yanategemea saa lazima aonyeshwe saa hizo kwenye peslipu. Ya dada huyu ilisema saa 36.75 na basi. Neno faini halikuwepo popote, wala kwenye mkataba wake. Walichofanya ni kuacha kulipa saa alizofanya kazi.

La pili ni mkataba. Chukua mtu huyohuyo, muda uleule, lakini analipwa pauni 12.50. Baada ya kukatwa dakika 45 anabaki na pauni 459.38, na ukigawa kwa saa alizofanya unapata pauni 12.32. Yuko juu ya kima cha chini, kwa hiyo wakaguzi wa serikali wa kima hicho hawana la kusema. Hapo unageukia Sheria ya Haki za Ajira ya 1996, kifungu cha 13. Kinasema mwajiri hawezi kukata mshahara ila makato yawe yametakiwa au kuruhusiwa na sheria, au yawe kwenye mkataba uliojulishwa kwa maandishi, au uwe umekubali kwa maandishi kabla. Hilo "kabla" ndilo wanalolisahau. Saini wanayokutaka uweke leo haihalalishi makato ya jana, na bango lililobandikwa juu ya mashine ya kadi baada ya wewe kuanza kazi ni msingi dhaifu sana.

Kwa hiyo siku ya kujiandikisha na ejensi, usiweke saini kwa haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Tafuta ukurasa wa makato. Wengi huandika hapo bei ya sare, bei ya kitambulisho kilichopotea, na kanuni ya kuchelewa imejificha katikati yao. Ikiwa imo na mshahara wako uko juu ya kima cha chini, kuipinga baadaye ni kazi ngumu.

Usidhani haya ni madogo yasiyofika popote. Mwaka 2015 gazeti la Guardian lilichunguza ghala la Sports Direct, kampuni ya maduka ya vifaa vya michezo, kule Shirebrook, Derbyshire. Watu walikuwa wakikatwa robo saa kwa kuchelewa dakika moja, kisha mwisho wa zamu wanapangwa foleni ya kupekuliwa bila kulipwa. Ukijumlisha vyote viwili, mshahara uliokuwa umekaa juu kidogo tu ya kima cha chini ulishuka chini yake. Mwenye kampuni, Mike Ashley, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge Juni 2016 na akakiri kwamba wafanyakazi walilipwa chini ya kima hicho. Baadaye wakakubali kulipa malimbikizo ya takriban pauni milioni 1. Mimi ile foleni ya kupekuliwa ndiyo inayoniudhi zaidi. Dakika zako zinahesabiwa kwa sekunde, zao hazihesabiwi kabisa.

Na hiyo ina ndugu yake utakayekutana naye sana. Zamu kwenye karatasi inaanza saa 12, lakini supavaiza anataka uwe kwenye kikao cha kugawiwa kazi saa 12 kasoro dakika 10. Kikao hakilipwi. Ukifika saa 12 kasoro dakika 5, unaandikwa umechelewa! Ikiwa umelazimishwa kuwepo, muda huo ni wa kazi na unaingia kwenye hesabu ya kima cha chini. Dakika 10 kwa zamu 5 ni dakika 50 kwa wiki, zaidi ya zile alizokatwa yule dada. Ziandike.

Sasa usije ukafika hapa ukidhani kuchelewa kunavumiliwa. Mwajiri ana njia zake halali, na ni kali. Anaweza kukupa onyo la maandishi, la pili, la mwisho, kisha akakuachisha kazi kwa kufuata utaratibu. Anaweza kukunyima bonasi ya mahudhurio ikiwa masharti yake yanasema hivyo. Na kwa mtu wa ejensi kuna kitu kibaya kuliko onyo: simu haiji. Hukufukuzwa, hukukatwa, ila wiki ijayo huna zamu. Hiyo ndiyo hofu inayowafanya wengi wanyamaze na pauni 6 zao, na siwezi kuwalaumu. Sheria inakataza kumwadhibu mtu kwa kudai kima cha chini, lakini kuthibitisha kwamba ndiyo sababu simu haikuja ni shughuli.

Kuhusu bosi wako wa Mombasa, kwa kuwa umeuliza: Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kukata mshahara wa siku kwa siku ambayo mtu hakuwepo kutwa nzima bila ruhusa wala sababu halali. Wewe ulichelewa saa moja. Kifungu hicho hakikumpa siku yako.

Ukikatwa huku, usianze kwa kelele. Kila siku andika saa uliyogonga kadi na saa uliyotoka, au piga picha kioo cha mashine kama inaruhusiwa. Peslipu ikija, linganisha. Kisha iandikie ejensi, maana ndiyo inayokulipa, si ghala. Uliza kwa barua pepe kwa nini saa ulizofanya ni 37 na dakika 17 na zilizolipwa ni 36.75. Swali tu, bila vitisho. Wasipojibu, pigia Acas, shirika la umma la ushauri na usuluhishi wa migogoro ya kazi, 0300 123 1100, ushauri wao ni bure. Ukitaka kwenda mahakama ya kazi, lazima upitie usuluhishi wa Acas kwanza, na muda ni miezi 3 kasoro siku moja tangu makato ya mwisho. Bunge limepitisha kuuongeza hadi miezi 6, lakini wewe fanya kama hukusikia. Ikiwa ni suala la kima cha chini, kuna pia wakaguzi wa serikali, ambao kwa miaka mingi wamekuwa chini ya HMRC, mamlaka ya kodi ya huku. Wanaweza kurudi nyuma hadi miaka 6, wanaweza kumtoza mwajiri faini ya hadi mara mbili ya alichopunja, na jina la aliyelalamika hawamtajii mwajiri bila ridhaa yake.

Yule dada hakufika huko. Aliuliza kwa barua pepe, akaweka na hesabu yake, na baada ya wiki chache ejensi ikamrudishia dakika 32 za wiki ile pamoja na za wiki nyingine alizokuwa ameziandika. Mashine ikapangwa upya ihesabu dakika kwa dakika. Mwezi uliofuata akachelewa tena, mara mbili, akakatwa dakika zake 9 tu, na akapewa onyo la maandishi. Aliniletea ile barua nimsaidie kuipinga. Nikaisoma, tarehe zilikuwa sawa, saa zilikuwa sawa, nikamwambia hiyo siwezi kuigusa.